Picha 900 za mihogo: mashamba 6 au mashamba 30?

Tuseme uko Bweyale, wilayani Kiryandongo. Una simu moja, boda ya kukodi na wiki chache kabla mvua haijakatika. Unataka picha za majani ya mihogo za kuifundisha modeli ya kompyuta itambue magonjwa. Ukijibana utapata 900 hivi, na idadi hiyo haitaongezeka sana hata ukikesha. Kilicho mikononi mwako ni namna ya kuzigawa: uende mashamba 6 na kupiga picha 150 kila moja, au uzunguke mashamba 30 na kupiga 30 tu kila moja.

Mimi mara ya kwanza nilichagua mashamba machache. Nauli ni ndogo, na mwenye shamba akishakuzoea haulizi tena unatafuta nini kwenye kisamvu chake. Modeli iliyotoka ilikuwa hodari kwenye kompyuta, lakini nilipovuka barabara na kuingia shamba ambalo haikuwahi kuliona, ilianza kubahatisha. Ndiyo maana nimeziweka njia zote mbili mezani, ili anayeanza leo achague akijua anachonunua.

| | Mashamba 6 × picha 150 | Mashamba 30 × picha 30 |
|---|---|---|
| Nauli na muda wa njiani | Kidogo | Kama mara tano |
| Mimea, kwa picha 3 kila mmea | 300 | 300 |
| Aina za mihogo, udongo, kivuli | Chache | Nyingi |
| Mashamba ya kufungia kwa jaribio | 1, labda 2 | 6 bila shida |
| Hatari kubwa | Modeli kukariri shamba | Uchovu, na majina ya picha kuchanganyika |

Angalia mstari wa pili: idadi ya mimea haibadiliki. Mpangilio wa mashamba 30 haukupi data nyingi zaidi. Unakupa data iliyotawanyika, na faida yake yote imejificha hapo.

Tunatafuta nini kwenye jani

Nazungumzia magonjwa mawili tu, yale yanayowaumiza zaidi wakulima wa mihogo Uganda. La kwanza ni batobato. Majani machanga ya juu huwa na mabaka ya manjano au kijani hafifu, hujikunja na kudumaa, na mtu huliona hata akiwa juu ya boda. La pili ni michirizi ya kahawia, nalo ni jizi. Hujionyesha kwenye majani yaliyokomaa, yale ya chini, kwa umanjano unaofuata vishipa vidogo vya jani na kusambaa kama unyoya, lakini jani lenyewe halijikunji. Huku juu mmea unapendeza, chini mizizi inaoza kwa madoa makavu ya kahawia. Yote mawili ni ya virusi, na yote huenezwa na inzi weupe pamoja na vipandikizi vilivyotoka kwenye mmea mgonjwa.

Mmea mmoja unaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo usiifundishe modeli kuchagua jibu moja kati ya "batobato", "michirizi" na "mzima". Iulize maswali mawili yanayojitegemea: kuna batobato, ndiyo au hapana? Kuna michirizi, ndiyo au hapana? Ukiilazimisha kuchagua moja, mmea wenye yote mawili utahesabiwa kosa hata pale modeli inapoona vizuri.

Kukusanya: shamba nalo lina sura yake

Kila shamba lina alama zake: rangi ya udongo unaochungulia nyuma ya jani, kivuli cha mwembe, saa uliyofika, simu uliyoshika. Ukiwa na mashamba 6, matatu yenye ugonjwa na matatu safi, modeli haina sababu ya kuhangaika na vishipa vya jani. Kwayo ni rahisi zaidi kujifunza kwamba udongo mwekundu maana yake ni ugonjwa na udongo wa kijivu maana yake ni uzima. Haidanganyi. Imejibu swali rahisi uliloipa bila kujua.

Jambo hili lilishawatokea watu wenye picha nyingi kuliko wewe na mimi. Mkusanyiko wa PlantVillage una picha 54,306 za majani yaliyochumwa na kuwekwa juu ya mandhari tupu. Mwaka 2016 watafiti walitangaza modeli iliyopatia asilimia 99.35 ya picha zake za jaribio. Walipoijaribu kwa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, usahihi ulishuka hadi kama asilimia 31, na wao wenyewe waliandika hivyo kwenye makala yao. Baadaye mtafiti mwingine alichukua nukta 8 tu za rangi kutoka mandhari ya kila picha, hakuna hata jani ndani yake, na modeli ikapatia asilimia 49, wakati mtu wa kubahatisha angepata chini ya 3.

Kwenye mihogo ya Uganda kuna mtego mwingine ambao hauonekani upesi, nao ni aina ya mbegu. Aina ya TME 204 huvumilia batobato lakini huathirika sana na michirizi ya kahawia. Kama mashamba mawili kati ya yale 6 yamejaa TME 204, karibu michirizi yako yote itatoka kwenye aina hiyo moja yenye umbo lake la jani. Modeli itajifunza kuitambua TME 204, nawe utadhani imejifunza kutambua ugonjwa. Ukifika shamba la NASE 14 au NAROCASS 1, itakuambia kila kitu kizima. Katika mashamba 30 mtego huu haufi, ila unapungua nguvu, kwa sababu aina na ugonjwa havitembei pamoja kila mahali.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayochagua, usiliite shamba lote "gonjwa" au "zima". Ndani ya kila shamba tafuta mimea 10, au 50 kama mashamba yako ni 6: nusu yenye dalili na nusu isiyo nazo, kadiri shamba linavyoruhusu. Shamba ambalo umepata humo majibu yote mawili ni dhahabu, kwa sababu udongo, kivuli na simu ni vilevile, na tofauti iliyobaki iko kwenye jani. Kila mmea upige picha tatu: jani changa la juu, jani lililokomaa la chini, na la tatu lile lenye kutia shaka. Ukipiga juu peke yake umejinyima michirizi kabisa.

Mimea mizima nayo inataka uangalifu. Siku moja nilikuwa nimeinama napiga picha ya jani la manjano, nimeshaandika "michirizi" kwenye daftari, mama mwenye shamba akaniambia, "Mwanangu, hilo limezeeka tu. Kesho linaanguka." Alikuwa sahihi. Jani linalozeeka huwa manjano karibu lote, wakati la michirizi huacha visiwa vya kijani katikati ya umanjano. Nilirudi kwenye picha zangu nikakuta mimea yote niliyoiita mizima ilikuwa na majani mabichi, mapya, ya kupendeza. Modeli yangu ilikuwa imejifunza umri wa jani. Tangu hapo, katika kila mimea mitano mizima nahakikisha miwili ina majani ya chini yaliyozeeka, au majani yaliyoliwa na utitiri, ambao madoadoa yao hufanana na batobato changa.

Majina ya picha ndiyo sehemu inayochosha, na hapo mashamba 30 huleta tabu ya kweli. Andika shamba, mmea na namba ya picha ndani ya jina lenyewe, kwa mfano `sh17_m04_2.jpg`, jioni ileile kabla hujalala. Na usizitume picha kwa WhatsApp kama picha za kawaida: hubanwa, vishipa vidogo vikapotea, na taarifa za mahali na saa zikafutwa. Zitume kama faili, au toa kadi ya kumbukumbu ya simu uzinakili.

Watu huniuliza kwa nini nihangaike, ilhali picha zipo tayari. Kweli zipo. Mwaka 2020 maabara ya akili bandia ya Makerere pamoja na wataalamu wa mihogo wa kituo cha utafiti cha Namulonge waliweka kwenye tovuti ya Kaggle picha 21,397 zilizopigwa Uganda. Zitumie kufundishia, utakuwa mjinga ukiziacha. Lakini jedwali la majibu linalokuja nazo lina safu mbili tu, jina la picha na ugonjwa. Shamba halimo, kwa hiyo huwezi kujua picha zipi ni ndugu. Picha 13,158 kati ya hizo ni za batobato, na kila picha ina jibu moja tu, wakati sisi tunauliza maswali mawili. Mimi huzitumia kama shule ya msingi ya modeli, kisha picha zangu 900, ambazo naujua ukoo wa kila moja, zinakuwa sekondari na mtihani.

Kuongeza picha kwa kuzigeuza

Hapa njia mbili zinatofautiana kidogo tu. Mwenye mashamba 6 hushawishika kugeuza picha kwa fujo, akidhani atafidia mashamba asiyokwenda. Hafidii. Kuipindua picha kunakupa jani lilelile la shamba lilelile, limesimama kichwa chini. Kugeuza kunaweza kufundisha kwamba mwanga na upande havina maana. Hakuwezi kuzalisha TME 204 pale ambapo haikuwepo.

Mageuzi mawili yanayotumiwa kiholela hudhuru mihogo hasa. La kwanza ni la rangi. Ukiisogeza rangi sana, kijani huwa manjano, na kwa michirizi umanjano ndiyo dalili yenyewe: umetengeneza mgonjwa bandia ukamwandika mzima. La pili ni ukataji. `RandomResizedCrop` ya torchvision, usipogusa mipangilio yake, hukubali kipande kidogo hadi asilimia 8 ya picha. Kipande hicho kinaweza kuangukia sehemu safi ya jani gonjwa, nawe ukakibandika jina la ugonjwa. Mimi hubaki hapa:

```python
from torchvision import transforms as T

T.Compose([
    T.RandomResizedCrop(384, scale=(0.6, 1.0)),
    T.RandomHorizontalFlip(),
    T.RandomVerticalFlip(),
    T.ColorJitter(brightness=0.3, contrast=0.2, hue=0.02),
    T.ToTensor(),
])
```

Mwanga nimeuachia nafasi kubwa kwa sababu saa tatu asubuhi na saa saba mchana ni dunia mbili. `hue` nimeibana karibu na sifuri. Ukubwa ni 384 badala ya 224 ya mazoea, kwani picha ya simu ikibanwa hadi 224, vishipa tunavyovitafuta huyeyuka. Ukitaka kujua kama umezidisha, chapisha picha 40 zilizokwisha geuzwa na umpe afisa ugani azisome. Asipoweza kutaja ugonjwa, usiitarajie modeli iweze.

Na usigeuze kabla ya kugawa picha za kufundishia na za mtihani. Ukigeuza kwanza, nakala ya picha ya mtihani itaingia darasani, na mwanafunzi atakuwa ameuona mtihani jana yake.

Kupima: hapa ndipo uamuzi ulipo

Kama muda wako unatosha kusoma sehemu moja tu, soma hii. Njia ya kawaida ni kuchanganya picha zote 900 na kutoa asilimia 20 kwa bahati nasibu ziwe za mtihani. Kwa kuwa kila mmea una picha tatu, fanya hesabu: kwa picha yoyote ya mtihani, uwezekano kwamba ndugu zake wote wawili wa mmea huo nao wameangukia mtihani ni 0.2 × 0.2, yaani asilimia 4. Zilizobaki, picha 96 katika kila 100 za mtihani, zina angalau ndugu mmoja darasani aliyetoka mmea uleule, dakika ileile, chini ya wingu lilelile. Huo si mtihani wa ugonjwa, ni mtihani wa kumbukumbu.

Dawa yake ni kugawa kwa shamba. Shamba zima liwe darasani au zima liwe kwenye mtihani, lisikatwe katikati. Programu ipo tayari:

```python
from sklearn.model_selection import StratifiedGroupKFold

y = 2 * batobato + michirizi  # majibu mawili ya 0/1 yawe kundi moja
kf = StratifiedGroupKFold(n_splits=5, shuffle=True, random_state=7)
for tr, te in kf.split(X, y, groups=shamba):
    ...
```

Fanya migawanyo yote miwili, wa bahati nasibu na wa shamba, kisha weka alama zake pamoja. Pengo kati yao ndilo kipimo cha jinsi modeli yako inavyokariri mashamba. Pengo likiwa dogo, endelea. Likiwa kubwa, usiguse modeli, rudi kwenye boda. Kuna na jaribio la dakika kumi ninalolipenda: kata pembe nne za kila picha, fundisha modeli kwa vipande hivyo tu, upime kwa mgawanyo wa bahati nasibu. Kama inapatia kuliko mtu anayetaja jibu la wengi kila mara, basi udongo unaongea.

Sasa tulinganishe mipango yetu miwili kwa mfano wa hesabu. Mwenye mashamba 30 amefungia 6 kwa mtihani, kila moja mimea 10. Tuseme modeli imepatia mimea 51 kati ya 60, asilimia 85. Namba nzuri. Lakini ziandike shamba kwa shamba: 10, 10, 9, 9, 9, 4. Shamba la mwisho ni balaa, na wastani ulikuwa umelifunika blanketi. Unarudi kuuliza lina nini: mbegu tofauti? Kivuli cha migomba? Simu ya mtu mwingine? Hapo ndipo unapojifunza kitu.

Mwenye mashamba 6 amefungia moja. Kwa modeli yenye tabia ileile, akiwa amebahatika kufungia shamba la kwanza atatangaza asilimia 100. Akifungia lile la mwisho, na lina mimea mingi yenye sura ileile, atapata kama 40 na kuvunjika moyo. Zote mbili ni namba za kweli na hakuna hata moja inayomwambia nini kitatokea kwa jirani. Akitaka kunusurika, afundishe mara sita, kila mara akiacha shamba moja nje, na atangaze alama zote sita bila kuzipikia wastani.

Hata ile 51 kati ya 60 si imara kama inavyoonekana. Ukichukulia kila mmea unajitegemea, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 74 na 92. Na mimea ya shamba moja haijitegemei, kwa hiyo upana halisi ni mkubwa zaidi. Ukisikia mtu anajivunia kupanda kutoka 85 hadi 87 kwa mimea 60, mpe chai aendelee kuongea.

Jambo la mwisho kwenye kupima. Wewe umekusanya nusu kwa nusu, wagonjwa watano na wazima watano, lakini shamba la mkulima haliko hivyo. Chukua mimea 1,000 ambayo 50 ina michirizi, na modeli inayopatia asilimia 90 kwa wagonjwa na asilimia 90 kwa wazima. Itawakamata wagonjwa 45. Itawasingizia wazima 95. Kati ya mimea 140 itakayoonyeshewa kidole, wagonjwa wa kweli ni 45, chini ya theluthi moja. Mkulima akiing'oa yote amepoteza chakula. Kwa hiyo mwambie modeli inasema "kagua mmea huu", isiwe "ng'oa".

Mashamba 6 yanafaa lini?

Yanafaa kama modeli itatumika kwenye mashamba hayohayo, mfano kikundi kinachozalisha vipandikizi kwenye vitalu vyake na hakina mpango wa kwenda kwingine. Yanafaa pia unapotaka kuufuata mmea mmoja tangu mwezi wa tatu hadi wa tisa uone dalili zinavyobadilika, kwani hutaweza kurudi mashamba 30 kila mwezi. Na yanafaa kama mtaalamu wa kuthibitisha majibu atapatikana siku mbili tu: majibu sahihi ya mashamba 6 yanashinda majibu ya kubahatisha ya mashamba 30.

Nje ya hapo, nachagua 30 bila kusita, na muda ukiwa hautoshi nitapunguza picha, siyo mashamba. Mashamba 30 kwa picha 15 ni bora kuliko 15 kwa picha 30. Kwa data hiyo ndogo naanza na modeli iliyokwisha fundishwa picha za kawaida, kama MobileNetV3, naifunga tabaka zote na kufundisha la mwisho peke yake. Nazifungua nyingine pale tu alama za mgawanyo wa shamba zinapopanda.

Yale mashamba 6 ya mtihani yachague kabla hujapiga picha ya kwanza, ikiwezekana kutoka kata ambayo huendi kwa mafunzo, na yafunge kwenye folda yake. Usiyaguse mpaka umemaliza kuchezea kila kitu kingine. Halafu omba ruhusa ya kurudi wakati wa mavuno ukiwa na panga na daftari. Baadhi ya mimea ambayo jani lake lilikuwa safi, na modeli na mtaalamu wakakubaliana ni mizima, ukiikata mizizi utakuta kahawia ndani. Ihesabu peke yake, katika safu yake. Hayo si makosa ya modeli, ni yale ambayo picha ya jani haikuwa nayo.